Hakuna Aliyewahi Kuuliza

Waliniingiza kwenye kamati ili ninyamaze. Hakuna aliyeniambia hivyo, lakini mimi si mtoto. Baada ya mke wangu kufariki nilikuwa nikienda hospitali kulalamika, nasimama mlangoni kwa mkurugenzi mpaka mlinzi akazoea kuniuliza habari za nyumbani. Siku moja nikaitwa ndani. Nikapewa kiti, nikapewa na soda, nikaambiwa: mzee, kanuni inataka kwenye kamati ya maadili ya utafiti awepo mtu mmoja asiye daktari wala msomi, wa kuwasemea watu wa kawaida. Na wewe kusema unajua.

Mbwa anayebweka hutupiwa mfupa. Nikauchukua. Nikajiambia nitautafuna huku nabweka.

Kazi yenyewe ni hii. Yeyote anayetaka kufanya utafiti kwa wagonjwa wa hospitali ile huleta andiko, anaeleza anataka kujua nini, atamuuliza nani, atamtoa damu au hatamtoa. Kamati inasoma na kuhakikisha mgonjwa haumizwi, hadanganywi, wala hasumbuliwi bure. Tukiridhika tunapitisha. Tusiporidhika tunarudisha kwa marekebisho, au tunakataa kabisa. Mwanzoni mwa kila andiko lazima kuwe na ukurasa wa lugha nyepesi. Ukurasa huo unaandikwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Mimi ni fundi viatu, shule niliiacha mapema, kabla haijaniacha, na nasoma kwa rula: naiweka chini ya mstari, naisogeza. Sisomi haraka, lakini nikipita mahali nimepita.

Andiko la siku ile lilikuwa la Sista mmoja wa wodi ya figo, ambako watu husafishwa damu kwa mashine. Alikuwa anasomea shahada ya pili. Mimi simfahamu, alihamia pale baada ya sisi kuondoka, kama kuondoka kwetu kunaweza kuitwa kuondoka. Swali lake: kwa nini wagonjwa wanaotakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki hukosa vipindi, na wengine huacha kabisa?

Nikasogeza rula. Aya ya pili, mwanzo kabisa, ilisema: "Hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa hapa kuhusu jambo hili. Huu utakuwa wa kwanza."

Nikaiacha rula pale pale.

Binti yangu alikuwa sebuleni na cherehani yake, anapinda suruali za shule za watoto wa watu. Nikamsomea ule mstari kwa sauti.

"Mama yako si aliulizwa?" nikasema.

Akauondoa mguu kwenye pedali. "Aliulizwa. Na wewe si ulikuwepo, ulikuwa umemshikia kikombe cha uji."

"Kwa nini unakosa vipindi. Maneno yenyewe."

"Ndiyo hayo. Akajibu nauli." Akang'ata uzi, akautema. "Nauli, akasema."

"Sasa huyu anasema hakuna aliyewahi kuuliza."

"Baba, unaenda kugombana tena?"

"Naenda kikaoni."

"Ndicho ninachosema. Dada wa watu anatafuta shahada, usimwangushe kwa sababu ya mkurugenzi."

Mtoto akishakuwa na cherehani yake anajiona ana serikali yake.

Kikao kilikaa kwenye chumba kile cha siku zote, chenye meza ndefu iliyobanduka ukingoni na feni inayozunguka kwa hiari yake. Mwenyekiti wetu ni Profesa, mama mtu mzima anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na huitafuta ile ya kichwani. Kuna Bi Takwimu, ambaye kazi yake ni hesabu za utafiti na mdomo wake ni kisu. Kuna Katibu, kijana msafi anayependa mambo yaishe. Na kuna Bingwa, daktari mkuu wa figo, yule yule aliyekuwa akipita kitandani kwa mke wangu na kundi la wanafunzi nyuma yake kama bata na vifaranga, akimsoma faili bila kumsoma uso.

Profesa alipolitaja andiko la Sista, Bingwa alisimama, akafunga kifungo cha koti, akachukua simu yake. "Ni mwanafunzi wangu," akasema. "Mimi ndiye msimamizi. Natoka." Kanuni ndiyo hiyo: jambo likikuhusu, unakaa nje mpaka wenzako waamue. Akatoka, mlango ukafungwa.

Katibu akalisifu andiko. Limepangwa vizuri, fomu ya ridhaa ipo, mgonjwa anaruhusiwa kukataa na matibabu yake hayataguswa. Bi Takwimu akasema idadi ya watakaohojiwa inatosha. Profesa akanigeukia mimi, kwa ile sauti wanayotumia kumuuliza mgeni kama ameshiba.

"Mzee wetu, una neno?"

"Nina neno moja. Likataliwe."

Katibu akacheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake.

"Limekukosea nini?" akauliza Profesa.

"Linasema uongo. Linasema hakuna aliyewahi kuuliza. Mke wangu aliulizwa, kwenye wodi hiyo hiyo, akiwa amefungwa kwenye mashine hiyo hiyo. Kijana alikuja na ubao wa kuandikia, na muuguzi akawa anauliza. Au mke wangu hakuwepo hapa? Kama hakuwepo, yule niliyemzika ni nani?"

Feni ilizunguka.

"Pengine ulikuwa utafiti wa jambo jingine," akasema Katibu.

"Nilikuwa nimeshika kikombe, sikuwa nimelala."

Bi Takwimu alivuta andiko karibu. "Mzee, mstari huo kila mmoja huuandika. Ni kama 'natumaini hujambo' kwenye barua. Mwandishi hajui kama hujambo, ila ndivyo barua zinavyoanza."

"Basi tubadilishe maneno tu," akasema Katibu. "Tuandike 'tafiti chache zimefanywa'. Tuendelee na linalofuata."

"Chache ngapi?" akauliza Bi Takwimu. "Umezisoma?"

"Sijazisoma."

"Sasa umejuaje kuwa ni chache? Hiyo ni 'natumaini hujambo' ya pili."

Profesa akatafuta miwani yake, akaikuta kichwani. "Sista yupo nje. Aitwe ajieleze."

Sista aliingia na sare yake, viatu vyeupe vya mpira, kisigino cha kushoto kimelika upande. Ni jicho la fundi tu, siwezi kulizuia. Alikuwa na umri wa binti yangu. Akasalimia, shikamoo kwa mimi na Profesa, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa akae.

"Umeandika hakuna utafiti uliowahi kufanywa hapa," akasema Profesa. "Ulijuaje?"

"Nilitafuta mtandaoni. Niliandika jina la hospitali na usafishaji damu, hakikutoka kitu."

"Ulitafuta kitu kilichochapishwa, hukupata. Hiyo ni sawa na kusema hakipo?"

Sista akatikisa kichwa.

"Na nje ya hapa?"

"Nje nilipata viwili. Vya hospitali nyingine."

"Viko wapi kwenye andiko? Sivioni."

"Sikuviweka."

"Kwa nini?"

Akatazama mikono yake. Nilitegemea aseme amesahau, maana hiyo ndiyo dawa yao ya kila ugonjwa. Hakusema hivyo.

"Niliogopa," akasema. "Vilikuwa vimeuliza swali langu. Nilivyovisoma nilijisikia kama nimefika dukani nikakuta rafu tupu. Fomu ya wafadhili ina mahali pameandikwa: una jipya gani? Nikisema wapo walionitangulia, nani atanilipia? Ndiyo maana nikaongeza neno 'hapa'. Kwa sababu kwingine wapo, lakini hapa nilidhani hawapo. Nilijua kidogo kuwa ni ujanja. Wote tunafanya."

"Wote nani?"

"Darasa zima, Profesa. Kila mtu na 'hapa' yake. Na barua ya kamati wanaitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Ikichelewa, nafasi anapewa aliye nyuma yangu."

Nikasema, "Mke wangu alihojiwa hapa."

Akanitazama. Sura yake ilibadilika, si kwa hofu, bali kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake gizani na sasa taa imewaka. "Samahani, baba," akasema. "Sikujua."

"Wakubwa wako walijua."

Profesa akamwambia Katibu amwite Bingwa ajibu swali moja. Kuulizwa anaruhusiwa, kuamua ndiyo haruhusiwi. Bingwa akaja, akasimama karibu na mlango.

"Kuna utafiti wa namna hii uliowahi kufanywa wodini kwako?"

"Ulikuwepo," akasema, bila hata kufikiri. "Ulikuwa wangu. Haukuchapishwa."

"Mwanafunzi wako ameandika haukuwepo."

"Kitaaluma, haukuwepo. Utafiti usiochapishwa hakuna mtu anayeweza kuusoma, kuupinga wala kuutumia. Siwezi kumtuma mwanafunzi akanukuu kabati langu."

Hapo nilisimama. Nilisikia goti likilia lakini nilisimama. "Daktari," nikasema, "mke wangu naye hakuwahi kuchapishwa. Lakini alikuwepo. Alitoa jibu huku sindano mbili ziko mkononi, na jibu lake ukaliweka kabatini. Sasa unamtuma binti huyu akaulize upya kama kwamba yule hakupumua."

"Mzee, kaa," akasema Profesa, taratibu.

Nikakaa. Bingwa alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama ncha za viatu vyake, na vilikuwa viatu vizuri. Akaruhusiwa kutoka tena.

"Likataliwe," nikarudia. "Wameshasumbua watu mara moja bure, wasisumbue tena. Hilo si ndilo mnalonifundisha, mgonjwa asisumbuliwe bure?"

Nilijua nimewabana. Hilo ndilo swali la kamati kweli: kama jambo limeshajulikana, una haki gani ya kwenda kumtoa mgonjwa machozi tena? Nilimwona Katibu akiandika. Nilimwona Sista akikunja pindo la sare. Sitadanganya, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza mtu wao mmoja alikuwa anatetemeka mbele yangu badala ya mimi mbele yao, na sikujali kuwa wamempeleka mdogo.

Lakini Profesa akasema, "Mzee, kurudia si kosa. Wakati mwingine jibu la mara ya kwanza huwa bovu, na bila kurudia hutalijua. Kosa ni kurudia huku unasema hurudii. Mtu akisema wa kwanza ni yeye, hatajilinganisha na aliyetangulia. Hatauliza mwenzake alikosea wapi, na yeye atakosea hapo hapo."

Bi Takwimu alikuwa amefika mbali kwenye andiko, kwenye kurasa ambazo mimi sizifiki. "Sista, huku kwenye mbinu umeandika utawafuata watu nyumbani. Kwa nini ujitese na vumbi? Si wapo wodini?"

"Walioacha hawapo wodini," akasema Sista. "Nitawapata wapi tena?"

"Hao watafiti wawili wa nje waliwahoji watu wapi?"

"Wodini. Kwenye mashine." Akahesabu kwa vidole. "Wote wawili." Akatazama mlango aliotokea Bingwa, kisha akanitazama mimi. "Na baba hapa anasema mkewe naye aliulizwa kwenye mashine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wamewauliza waliokuja, kwa nini watu hawaji."

Bi Takwimu alicheka, kicheko kifupi cha pua. "Umeenda msikitini kuwauliza waliosali kwa nini watu hawasali. Sasa niambie, kitu hicho umekiandika wapi kama mchango wako?"

"Sijakiandika. Niliona ni jambo la usafiri tu, namna ya kuwapata."

"Umekaa juu ya godoro lenye pesa, unaomba shilingi. Umepoteza aya nzima kudai uwanja wote ni wako, na kaploti kadogo ambako ni kako kweli umekaacha nyuma ya nyumba."

"Na jambo jingine," akasema Profesa. "Nani atakayehoji?"

"Mimi."

"Unayemchoma sindano?"

Sista akaandika kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu, kama wafanyavyo wauguzi.

Likarudishwa. Halikukataliwa. Alitakiwa azitaje tafiti zote tatu, ile ya Bingwa akiomba ruhusa na kuandika wazi kuwa haijachapishwa, aseme ziliona nini na hazikufika wapi, kisha aseme yeye anaongeza nini, hicho tu, bila chumvi. Kikao kingine kilikuwa kabla ya mwezi kuisha. Nafasi ilibaki nyembamba, lakini ilikuwepo.

Mimi nilipinga. Iandikwe, nikasema, kwamba nimepinga. Katibu akaandika.

Nyumbani binti yangu aliniuliza kama nimemwangusha. Nikamwambia amerudishwa. Akasema, "Nguo ikirudishwa haijatupwa, baba, imepunguzwa kiuno," akaendelea kukanyaga pedali.

Andiko lililorekebishwa lilifika kwa bahasha ya kaki, kama lile la kwanza. Nililiacha juu ya benchi la kazi, chini ya soli, nikijifanya sina haraka nalo. Kisha nikachukua rula.

Ile aya ya pili ilikuwa imekufa na nyingine imezaliwa. Niliisoma mara mbili, nikaijua:

"Swali hili limeshaulizwa. Tafiti mbili zilizochapishwa katika hospitali nyingine, na moja ambayo haikuchapishwa katika hospitali hii, ziliwahoji wagonjwa wakiwa wodini. Zote ziliona kuwa sababu kuu ni nauli. Hatudai kuwa wa kwanza. Tunachoongeza ni kuwahoji walioacha kuja, na ndugu wa waliofariki baada ya kuacha, wakiwa nyumbani kwao, na mwenye kuhoji asiwe mhudumu wa wodi. Huenda tukapata jibu lile lile. Likiwa lile lile, litakuwa na nguvu zaidi kuliko lilivyokuwa."

Wagonjwa wa hospitali hii. Humo alikuwemo wangu. Hakutajwa jina na haikupasa atajwe, lakini alikuwemo, amehesabiwa, na kuna mtu aliyekwenda kufungua kabati kwa ajili yake.

Sasa nikarudi kwenye maneno yale, ndugu wa waliofariki. Nikaweka rula chini yake, nikaiacha. Nilikaa na kiatu cha mtu mapajani, gundi ikakauka.

Siku ya kikao Profesa alipolitaja andiko, Bingwa alisimama kama kawaida, akafunga kifungo. Mimi nikasimama pia.

"Mzee wetu, vipi?"

"Linanihusu," nikasema. "Mimi ni ndugu wa marehemu. Andiko hili likipita, mimi ni mmoja wa watakaoulizwa. Siwezi kulipigia kura kisha nikaenda kulijibu."

Katibu akatazama kanuni zake, ingawa alizijua. Profesa akaivua miwani, ile ya machoni. "Ni kweli," akasema. "Asante, mzee. Kaa nje kidogo."

Basi nikajikuta kwenye benchi la korido, lile la mbao lililo chini ya tangazo la kunawa mikono, na pembeni yangu Bingwa. Sista alikuwa upande wa pili, karibu na dirisha, anasubiri kuitwa, midomo yake inacheza kama anayekariri. Wafanyakazi walipita na vitoroli. Tulikaa bega kwa bega, daktari na mimi. Kwa muda wote niliomchukia mtu yule sikuwahi kukaa naye kiti kimoja.

Yeye ndiye aliyeanza. "Amenirudisha kabatini, huyu binti. Nilikuwa sijalifungua tangu wakati ule."

"Ukakuta nini?"

"Nauli." Akatikisa kichwa. "Karibu kila mmoja alisema nauli. Nikaona sina jipya. Wengine walishasema nauli, nani atachapisha nauli tena? Nikaliacha. Nilikuwa nataka kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona." Kisha akasema, "Nilipaswa kuuandika utafiti ule hivyo hivyo. Kwamba na hapa ni nauli. Ungekuwepo."

"Ungekuwepo kwa uongo," nikasema.

Akanigeukia.

"Alikudanganya," nikasema. "Mke wangu. Nauli ilikuwepo. Mimi nilikuwa naiweka chini ya kopo la sukari, kila siku ya mashine, na siku asipokwenda nilikuwa naikuta pale pale."

"Sasa kwa nini hakwenda?"

Sijawahi kumwambia mtu, isipokuwa binti yangu ambaye hakuambiwa, alikuwa chumba cha pili akisikia. Nilipokuwa nasimama mlangoni kwa mkurugenzi nilikuwa nasema nauli, nasema foleni, nasema mmemuua kwa gharama zenu. Na gharama zilikuwepo, siziondoi. Lakini alikuwa akirudi kutoka mashineni hawezi kuinua sufuria. Siku ya mashine imekufa, kesho yake nusu imekufa, kisha ni mashine tena. Asubuhi moja alikaa kitandani, kitenge kimoja begani, akaniambia: leo siendi, nataka siku yangu. Akapika. Akakaa uani akachambua mchele na jirani wakacheka mpaka saa za jioni. Nami nilimwacha, kwa sababu alikuwa mzuri siku ile.

"Alitaka siku moja iwe yake," nikamwambia daktari. "Angemwambia nani? Muuguzi aliyeshika sindano? Angeambiwa anachezea maisha yake. Nauli haimgombanishi mtu na mtu."

Bingwa hakusema pole, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema, kama anayejisomea, "Na sisi tukaomba serikali iwape wagonjwa nauli."

"Mliomba?"

"Tuliomba. Haikutoa."

"Bora," nikasema, na wote wawili, Mungu atusamehe, tukacheka. Sista aligeuka kututazama kama amewakuta simba na punda wanakunywa chai.

Akaitwa. Mlango ukafungwa. Nilikuwa nimezoea kuwa upande ule wenye meza, sasa nikaelewa kwa nini wanaosubiri huwa wanatazama kitasa. Nikasikia sauti ya Bi Takwimu, kisha kicheko cha pua, kisha kimya. Katibu akatoka na karatasi kwenda kwenye mashine ya kunakili, akapita bila kutuangalia, lakini hatua zake zilikuwa za mtu ambaye jambo lake limeisha.

Sista alitoka nyuma yake. Macho yake yalikuwa mekundu na anatabasamu.

"Limepita?" akauliza Bingwa.

"Limepita, Daktari. Barua napewa leo." Akavuta pumzi. "Profesa ameuliza, wafadhili wakisema halina jipya nitajibu nini. Nikamwambia nitawasomea aya ya pili, wakikataa basi, kwa sababu sina nyingine."

Akanijia mimi. Akasimama mbele ya benchi, mikono imeshikana. Viatu vyake, nikaona, bado kisigino kimelika.

"Baba," akasema, "nimesikia umetoka kwa sababu ya lile la ndugu wa marehemu. Si lazima ukubali. Ukikataa hakuna atakayekuuliza kwa nini. Lakini kama uko tayari, tungependa kuja nyumbani."

"Utakuja wewe?"

"Hapana. Siyo mimi. Atakuja mtu asiye wa wodi, hatavaa sare wala hajui lolote kuhusu faili. Ndivyo nilivyoandika, lazima nifuate."

"Vizuri," nikasema. "Maana wewe ningekudanganya."

Bingwa akaitwa ndani, na mimi nikaitwa pia, kulikuwa na andiko jingine mezani. Nikamwambia Sista aje kibandani na kile kiatu cha kushoto. Nikaingia, nikachukua kiti changu, nikatoa rula. Andiko lenyewe lilihusu meno ya watoto. Mwanzoni mwa aya ya pili liliandikwa: hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa hapa.

Nikainua mkono.